Jinsi ya Kuandaa Mhadhara wa Taarab Wenye Vituo vya Kusikiliza

Kila wanafunzi na walimu wanapotakiwa kuzungumzia taarab mbele ya watu, maswali huwa yale yale. Nicheze nyimbo ngapi? Nicheze wimbo mzima au kipande? Nisimame wapi ili watu wasikilize, na nitajuaje kwamba wamesikia nilichotaka wasikie? Nimejibu maswali haya mara nyingi kwa mdomo, kwa hiyo leo nayaandika.

Mhadhara wangu wa kwanza wa aina hii niliufanya Mombasa. Nilicheza nyimbo nne nzima, na katikati nikasoma karatasi kuhusu mchango wa Waarabu, Wahindi na Waafrika katika taarab. Mwishoni mzee mmoja aliyekaa mbele aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, nyimbo ni nzuri, lakini ulitaka tusikilize nini?" Sikuwa na jibu. Nilichofanya kilikuwa kuzungumza, kisha kupiga muziki, kisha kuzungumza tena. Tangu siku hiyo naandika ndani ya mhadhara kila kituo cha kusikiliza, yaani mahali ninapoacha kuzungumza na kucheza kipande cha muziki, pamoja na swali lake.

Mfano nitakaoufuata hapa ni mhadhara wa dakika 45 wenye vituo sita, na rekodi tatu tu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Tafuta rekodi tatu. Ya kwanza iwe ya Mombasa, yenye taishokoto, ala ya nyuzi inayobonyezwa vitufe, na mdundo wa chakacha, ngoma ya wanawake ya harusini. Rekodi za Zuhura Swaleh ndizo ninazotumia zaidi, kwa sababu sauti yake, taishokoto na ngoma vinasikika kila kimoja mahali pake. Ya pili iwe ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri za Kiswahili. Ya tatu iwe ya bendi kubwa ya Unguja yenye fidla kadhaa, ala za nyuzi za kanuni na udi, filimbi ya nai, na akodiani. Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa 1905, au Culture Musical Club, zote zinafaa.

Utahitaji pia kompyuta yenye programu ya kukatia sauti (mimi natumia Audacity, ni ya bure), spika yenye besi ya kutosha, waya wa kuunganishia, saa, na mtu mmoja wa kukubonyezea sauti. Spika ya simu haifai hata kwa darasa la watu kumi. Ngoma hupotea kabisa, na nusu ya mhadhara huu imekaa kwenye ngoma.

Hatua ya 1: Chagua wimbo mmoja uwe mti, mengine yawe matawi

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanatafuta wimbo "wa Kiarabu", wimbo "wa Kihindi" na wimbo "wa Kiafrika", halafu wanavipanga kama mafungu matatu ya samaki sokoni. Msikilizaji anaondoka akidhani taarab ni aina tatu za muziki zilizokaa karibu karibu. Mchanganyiko haupo kati ya wimbo na wimbo. Upo ndani ya wimbo mmoja, katika sekunde ile ile: mwimbaji anatoa shairi la Kiswahili, ala inamjibu kwa namna ya Cairo, na chini yao ngoma ya harusi ya wanawake inaendelea.

Kwa hiyo chagua wimbo mmoja utakaoanza nao na kumaliza nao. Mimi nachagua ule wa Mombasa wenye taishokoto. Siti na bendi ya Unguja wataingia katikati kumfundisha msikilizaji jambo moja moja, ili akirudi kwenye wimbo wa kwanza asikie vitu alivyovipita mara ya kwanza.

Hatua ya 2: Sikiliza na kuandika dakika

Kaa na rekodi zako tatu, karatasi na saa. Usiandike "wimbo mzuri, fidla nzuri". Andika muda na tukio: 0:00 ala zinaanza, 1:50 mwimbaji anaingia, 2:10 taishokoto inajibu peke yake, 3:05 kiitikio.

Jihadhari na mwanzo. Nyimbo za bendi kubwa za Unguja hufika dakika kumi na zaidi, na ala hutangulia kwa muda mrefu kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Ukikata sekunde 60 za kwanza bila kusikiliza mbele, utawaahidi watu sauti ya mwimbaji na watasikia fidla mpaka kipande kiishe. Santuri za zamani ni kinyume chake. Upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu, kwa hiyo Siti hakawii kuingia.

Hatua ya 3: Kata vipande

Kwa mfano wetu tunakata hivi:

Kituo 1: wimbo wa Mombasa, sekunde 90.
Kituo 2: Siti binti Saad, sekunde 40.
Kituo 3: bendi ya Unguja, sekunde 60.
Kituo 4: taishokoto kutoka wimbo wa Mombasa, sekunde 30.
Kituo 5: ngoma kutoka wimbo huo huo, sekunde 40.
Kituo 6: kipande kile kile cha kituo 1, sekunde 90.

Jumla ni sekunde 350, yaani karibu dakika sita za muziki. Wengi huona ni chache. Zinatosha, kwa sababu mtu aliyepewa swali husikiliza kwa kujituma, naye huchoka upesi.

Katika Audacity, fungua faili, chagua kipande kwa kipanya, kisha File > Export, ukihakikisha unatoa kipande ulichochagua tu, si wimbo mzima. Kabla ya hapo weka Fade In ya sekunde moja mwanzoni na Fade Out ya sekunde tatu mwishoni, ili muziki usikatike kama umeme. Yape mafaili majina yanayojipanga yenyewe:

```
01_mombasa_90.wav
02_siti_40.wav
03_unguja_60.wav
04_taishokoto_30.wav
05_ngoma_40.wav
06_mombasa_90.wav
```

Faili la 06 ni nakala ya 01. Iweke hivyo hivyo, usimwambie mwenzako "rudia la kwanza". Siku yenyewe atakuwa na wasiwasi na atabonyeza jingine.

Hatua ya 4: Pima maneno yako

Mbele ya watu mimi husoma kama maneno 100 kwa dakika. Jipime na wewe: soma ukurasa mmoja kwa sauti ya ukumbini, uhesabu. Kisha piga hesabu kutoka nyuma. Dakika 45, toa 6 za muziki, zinabaki 39. Kila kituo kinahitaji kama dakika mbili za kimya, majibu na maelezo, toa 12, zinabaki 27. Toa 5 za kuchelewa kuanza na waya kugoma. Zinabaki 22, yaani maneno 2,200. Ukiandika 4,000 utaanza kuruka vituo, na vituo ndivyo walivyovijia.

Hatua ya 5: Andika kila kituo kwa mpangilio mmoja

Kila kituo kina sehemu tano, na zote ziandikwe kwenye karatasi: swali, kimya kabla, muziki, kimya baada, jibu. Swali linatangulia muziki. Swali liwe moja, na liwe la kujibiwa kwa sikio: "nani anajibu?", "ngapi?", "lini?". Usiulize "mnahisi nini?" Watu watasema "raha", na utakuwa umekwama.

Maelekezo ya mitambo yaandike kwa herufi kubwa upande wa kulia, maneno yako kushoto. Mwenzako anayebonyeza awe na nakala ile ile.

Sasa tuvijaze vituo vyenyewe.

*Kituo 1* hakifuati mpangilio huo, kwa sababu hakina swali. Waambie wasikilize tu, kisha wataje kitu kimoja walichokisikia. Andika majibu ubaoni bila kuyasahihisha. Utayarudia mwishoni.

*Kituo 2* ni cha maneno, na kwa makusudi nakitanguliza mbele ya Waarabu na Wahindi. Ukianza na Sultani Barghash (alitawala 1870 hadi 1888), ambaye masimulizi ya Unguja humpa sifa ya kuleta muziki wa Misri kwenye kasri lake, watu hudhani kila kitu kilikuja kwa meli na Mswahili akapokea tu. Kumbe shairi lilikuwa nyumbani. Kazi ya Siti ilikuwa kuitoa taarab kwenye kasri na Kiarabu na kuifikisha mitaani kwa Kiswahili.

Kabla ya kucheza, wafundishe kuhesabu mizani kwa ubeti mfupi. Huu niliutunga kwa kazi hii tu:

Pendo halina hodari, hata simba huchezewa,
Huja usiku kwa siri, moyo ukaelemewa,
Ukiuliza habari, umekwisha nyang'anyiwa.

Wahesabu kwa vidole: pe-ndo-ha-li-na-ho-da-ri, nane. Ha-ta-si-mba-hu-che-ze-wa, nane tena. Vina vya kati ni -ri, vya mwisho ni -wa. Kisha swali la kituo: "Msikilizeni Siti. Mwimbaji anapumua wapi, katikati ya mshororo au mwishoni?" Kina cha kati ndicho kitakachowaongoza. Mwimbaji anaweza kuivuta silabi moja kwa sekunde tatu, lakini mizani haivunjiki.

Waambie mapema kwamba rekodi ni ya santuri na ina mikwaruzo. Usipowaambia, watu wataanza kutazama spika.

*Kituo 3* ndicho cha Kiarabu. Wengi hutaja ala tu: udi, kanuni, nai, basi. Lakini ala ni umbo, nawe unataka watu wasikie tabia. Tabia ya kwanza ni kwamba ala zote zinapiga tuni moja kwa pamoja, kila moja ikiipamba kwa namna yake, badala ya kila ala kushika sauti tofauti kama kwaya ya kanisani. Ya pili ni majibu: mwimbaji akimaliza mshororo, fidla zinajaza pengo kwa kipande kifupi, kisha zinamwachia. Hii ndiyo namna ya bendi kubwa za Misri zilizosikika pwani yetu kwa santuri, redio na filamu, enzi za Umm Kulthum na Mohamed Abdel Wahab. Swali: "Mwimbaji akinyamaza, nani anaingia?"

Kama una mpiga udi au fidla wa kualika, mpe dakika mbili hapa. Mwombe apige sauti mbili za kinanda zinazofuatana, kisha apige ile iliyo katikati yake, ambayo kinanda hakina kitufe chake. Udi na fidla hazina vizuizi shingoni, kwa hiyo kidole kinaweza kutua popote. Ukumbi mzima huelewa mara moja, bila wewe kutaja jina hata moja la makamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu.

*Kituo 4* ni cha Kihindi, na kinahitaji uangalifu kuliko vyote. Taishokoto ni ala ya nyuzi inayolazwa mezani. Mkono mmoja unabonyeza vitufe vinavyofanana na vya taipu, mwingine unakwaruza nyuzi. Sauti yake ni nyembamba, ya chuma, yenye haraka. Ilibuniwa Japani mwanzoni mwa karne ya 20, ikapokelewa India, na ikajulikana sana katika taarab ya Mombasa. Ukisema "ala ya Kihindi" utakuwa umeruka nusu ya safari. Sema safari yote, ni sentensi moja tu.

Mchango wa India ulio mkubwa zaidi Mombasa ni tuni za filamu. Juma Bhalo alipendwa sana kwa kuimba mashairi ya Kiswahili juu ya tuni za namna hiyo, na tabla na hamoniamu zikiwa nyuma yake. Ukiwa na dakika za ziada, huyu ndiye wa kumwongeza. Swali la kituo: "Taishokoto inapiga pamoja na mwimbaji, au inamngoja?" Watagundua kwamba inafanya kazi ile ile ya fidla za kituo 3: inajibu. Kazi imetoka upande mmoja wa bahari, na ala imetoka upande mwingine. Hapo ndipo neno "mchanganyiko" linapopata maana, na mimi huwa nanyamaza kidogo ili walione wenyewe.

*Kituo 5* ni ngoma, na huu ndio ukurasa wangu kama ulivyo:

MIMI: Hesabuni nami sita, polepole. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.
MIMI: Upande huu, pigeni makofi kwenye moja na nne tu.
(Hesabu mara nne.)
MIMI: Upande ule, pigeni kwenye moja, tatu na tano.
(Hesabu mara nne.)
MIMI: Sasa wote pamoja. Msimsikilize jirani.
(Mara nane.)
MIMI: Shusheni mikono. Sikilizeni. Ngoma inafanya kazi ya upande upi? — CHEZA 05
(Sekunde 40. Usiseme neno.) — PUNGUZA, ZIMA
KIMYA, hesabu tano moyoni.
MIMI: Nani amesikia upande wake?

Pande zote mbili watanyanyua mikono, na zote ziko sahihi. Hesabu ya mbili na hesabu ya tatu zinatembea pamoja ndani ya sita, na kiuno cha mchezaji wa chakacha kinachagua mojawapo. Chakacha ni ngoma ya wanawake ya harusini pwani ya Kenya. Ilipoingia kwenye taarab iliingia na mwendo wake, na akina mama ukumbini wataitambua kabla hujaitaja.

Ukiwa Unguja, unaweza kutumia kidumbaki badala yake: fidla moja, ngoma ndogo mbili, cherewa za kutikisa, vijiti vya mkwasa, na sanduku la mti lenye uzi mmoja linalotumika kama besi. Wapigaji huchukua nyimbo za taarab za bendi kubwa na kuzichezesha harusini. Hapo watu wataweza kulinganisha wimbo mmoja uliokaa kitini na wimbo huo huo uliosimama kucheza.

*Kituo 6* hurudia cha kwanza. Wape kazi: kila safu ishike kitu kimoja, safu ya kwanza maneno, ya pili majibu, ya tatu taishokoto, ya nne ngoma. Kisha rudi ubaoni kwenye orodha ya kituo 1 na uwaulize wanaongeza nini.

Hatua ya 6: Fanya jaribio ukumbini

Nenda siku moja kabla, au saa mbili kabla. Cheza faili la 05 na usimame safu ya nyuma kabisa. Usiposikia ngoma ya chini, sogeza spika kwenye kona ya ukuta, besi itaongezeka. Halafu cheza 02 baada ya 03 bila kugusa sauti. Santuri ya Siti itasikika ndogo sana. Andika kwenye karatasi ya mwenzako namba ya sauti kwa kila faili.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kuzungumza juu ya muziki. Ukianza kueleza "hapa sasa mnasikia…" umeufunika wimbo. Kama lazima uonyeshe, nyanyua kidole wakati kitu kinapoingia, basi.

Kusema kwamba Siti alirekodi Bombay, kwa hiyo muziki wake ni wa Kihindi. Bombay ndiko kulikokuwa na mitambo ya kampuni ya santuri. Alikwenda na wapigaji wake na mashairi yake kutoka Unguja.

Kugawa kwa theluthi: "theluthi moja Uarabu, theluthi India, theluthi Afrika." Hakuna anayeweza kupima hivyo, na kila mji una mizani yake. Mombasa imeisikia India kwa nguvu kuliko bendi kubwa za Unguja, ambazo ziliielekea zaidi Cairo. Sema mji gani unauzungumzia kila unapotoa mfano.

Matatizo na namna ya kuyatatua

*Hakuna anayejibu swali baada ya muziki.* Mara nyingi swali lilikuwa refu au lilikuja baada ya muziki. Lirudie kwa maneno matano, kisha cheza sekunde 20 tu za kipande kile kile.

*Watu wanaimba na kupiga vigelegele, hawasikilizi.* Katika ukumbi wa pwani hili litatokea kwenye kituo 1, na usilizuie. Waache washibe hapo. Kufikia kituo cha pili watakuwa tayari kukaa kimya.

*Pande mbili za makofi zinavurugana.* Umehesabu haraka mno. Rudi kwenye mwendo wa mtu anayetembea polepole, na mweke mtu mmoja mwenye sikio zuri mbele ya kila upande. Ikishindikana mara ya pili, acha upande mmoja upige nawe upige ule mwingine kwenye meza.

*Msikilizaji anabisha: "Taarab ni ya Waarabu, hata jina ni la Kiarabu."* Jina kweli ni la Kiarabu, latokana na tarab, ile hali ya moyo kuguswa na muziki. Usibishane naye. Mwombe ahesabu mizani ya ubeti uliosikika kwenye kituo 2, kisha apige makofi ya kituo 5, na umuulize hivyo viwili vimetoka wapi.

*Umeme umekatika.* Vituo 2 na 5 havihitaji umeme: ubeti unasomwa kwa mdomo, na makofi ni ya watu. Viandike kwenye karatasi ya akiba, na uhakikishe tochi ya simu yako ina chaji.

*Muda umekwisha na uko kituo cha 4.* Ruka maelezo ya cha 5, piga makofi mara moja tu, uende moja kwa moja kwenye cha 6. Usikiache cha 6 kwa sababu yoyote. Bila hicho watu wataondoka na vipande vitano mkononi, wala hawatakuwa wameusikia wimbo.